Jina asilia, unukuzi, jina la Kilatini au namba: kampuni uishike kwa lipi?

Chukua herufi mbili za Kichina, 华为, uziandike kwa Kilatini kwa mfumo rasmi wa pinyin bila alama za toni. Unapata Huawei. Sasa chukua 华威, jina jingine kabisa, lenye herufi ya pili tofauti na maana tofauti. Unapata Huawei tena. Kisha rudi kwenye 华为 ileile, lakini ipitishe kwanza kwenye Kirusi, ambako huandikwa Хуавэй, halafu itoe Kirusi uilete Kilatini kwa BGN/PCGN, mfumo wa unukuzi wa Marekani na Uingereza. Safari hii unapata Khuavey. Jina moja limezaa mawili, majina mawili yamegeuka moja, na hakuna aliyekosea kuandika.

Anayelinganisha ankara na mkataba, anayepekua orodha za vikwazo na anayeunganisha rejesta za nchi mbili, wote hukutana na jambo hili. Njia za kuishika kampuni ni nne: jina lake katika herufi asilia, jina lililonukuliwa, yaani lililoandikwa kwa herufi za Kilatini kwa kanuni fulani, jina la Kilatini ambalo kampuni imejichagulia, na namba ya usajili. Kila moja inafaa kwa kazi fulani na inaharibu kazi nyingine. Tuzipime kwa mifano ya Kirusi na Kichina, maana hapo tofauti zinaonekana waziwazi.

Jina asilia

Hili ndilo lenye nguvu kisheria, ila nchi hazifanani. Nchini China jina la kisheria la kampuni ni la herufi za Kichina. Jina la Kiingereza unaloliona kwenye kadi na ankara si jina lililosajiliwa kwenye rejesta ya makampuni. Nchini Urusi kampuni inalazimika kuwa na jina kamili la Kirusi, na inaruhusiwa kuongeza jina la lugha ya kigeni ikitaka. Hong Kong ni habari nyingine: kampuni inaweza kusajili jina la Kiingereza, la Kichina, au yote mawili, na si lazima moja liwe tafsiri ya jingine. Kwa hiyo kabla hujaandika "jina asilia" kwenye kichwa cha safu, jua kwamba kwa baadhi ya kampuni safu hiyo inahitaji nafasi mbili.

Udhaifu wake hauko kwenye maana bali kwenye mwonekano. Kifupi cha Kirusi cha kampuni yenye dhima yenye kikomo ni ООО, herufi tatu za Kisirili. Mtu mwenye kibodi ya Kilatini akiandika OOO, jicho halioni tofauti yoyote, lakini kwa kompyuta hizo ni herufi nyingine, na utafutaji utarudi mtupu. Vivyo hivyo kwa mabano: majina ya kisheria ya Kichina hutumia mabano mapana, kama katika 三星（中国）投资有限公司, ilhali watu wengi hunakili kwa mabano ya kawaida. Nayo й ya Kirusi inaweza kuhifadhiwa kama herufi moja au kama и pamoja na alama yake juu, hasa maandishi yakitoka kwenye faili za PDF.

Makosa haya ya mabano na ya й yanaondolewa kwa hatua moja kabla ya kulinganisha chochote:

```python
import unicodedata
def safisha(s):
    s = unicodedata.normalize("NFKC", s)
    return " ".join(s.split()).casefold()
```

Hatua hiyo hugeuza mabano mapana kuwa ya kawaida, huunganisha й, huondoa nafasi za ziada na kusawazisha herufi kubwa na ndogo. Haigusi ООО ya Kisirili dhidi ya OOO ya Kilatini. Hiyo itafute peke yake: jina likiwa na herufi za mifumo miwili ndani ya neno moja, au kifupi cha Kilatini mbele ya neno la Kisirili, lirudishwe kwa mtu alitazame. Usiiache programu ilirekebishe kimyakimya, kwa sababu kuna majina halali yanayochanganya mifumo.

Unukuzi wa kanuni

Wengi hudhani kuna unukuzi mmoja "sahihi" wa Kirusi. Tazama neno Яндекс tu, herufi sita:

| Mfumo | Matokeo |
|---|---|
| ISO 9 (1995) | Ândeks |
| BGN/PCGN | Yandeks |
| ICAO, wa pasipoti | Iandeks |
| Jedwali la malipo ya rubo kwenye SWIFT | aNDEKS |
| Kampuni yenyewe | Yandex |

Mstari wa mwisho hautokani na kanuni yoyote. Hakuna mfumo kati ya hiyo minne unaogeuza кс kuwa x. Ukimpa mtu kazi ya "kunukuu" jina la kampuni hii, naye akafanya kazi yake kwa uaminifu, hataipata tahajia ambayo dunia nzima inaijua.

Basi uchague upi? Inategemea unukuzi huo utafanya nini. ISO 9 ina sifa moja ambayo BGN/PCGN na ICAO hazina: kila herufi ya Kisirili ina herufi moja yake ya Kilatini, kwa hiyo unaweza kurudi ulikotoka bila kupoteza kitu. Gharama yake ni alama juu ya herufi. Mfumo mmoja tu njiani ukiziondoa alama hizo, Â inakuwa A, na faida yote imekwisha. BGN/PCGN inasomeka vizuri zaidi na ndiyo utakayoikuta mara nyingi kwenye maandishi ya Kiingereza, lakini hairudi nyuma kwa uhakika. ICAO itumie pale tu unapolinganisha na pasipoti za wakurugenzi, si majina ya kampuni.

Jedwali la malipo linastahili maelezo kidogo, kwa sababu linaharibika kwa namna ambayo haionekani. Ujumbe wa zamani wa SWIFT wa aina ya MT haubebi Kisirili, hivyo benki za Urusi huandika herufi za ziada kwa kutumia herufi ndogo za Kilatini: Я ni a ndogo, А ni A kubwa, Ш ni Q kubwa, Щ ni q ndogo. Maneno ya mwanzo ya jina refu la ООО huonekana hivi: `OBqESTVO S OGRANIcENNOi OTVETSTVENNOSTmu`. Anayeliona mara ya kwanza hudhani ni uchafu wa kompyuta, kumbe kila herufi iko mahali pake. Tatizo linaanza pale mfumo unaopokea unapogeuza yote kuwa herufi kubwa, jambo la kawaida sana. `aNDEKS` inakuwa `ANDEKS`, na ukiirudisha kwenye Kirusi unapata Андекс, jina jingine. Ongeza kwamba sehemu ya jina na anwani kwenye ujumbe huo ni mistari minne ya herufi 35 kila mmoja. Aina ya kampuni ikiandikwa kwa urefu hivyo, inakula mstari mzima na zaidi kabla jina lenyewe halijaanza. Ukiona jina limekatika au limeanza na maneno haya, usilinganishe neno kwa neno. Ondoa aina ya kampuni kwanza, ihifadhi kwenye safu yake, kisha ulinganishe kilichobaki.

Kwa Kichina suala si mfumo upi bali ni kwamba hakuna unukuzi unaorudi. Pinyin bila toni huziweka herufi nyingi tofauti kwenye silabi moja, kama tulivyoona kwa 华为 na 华威. Ukihifadhi toni unapunguza mgongano (Huáwéi na Huáwēi), lakini hauishi, kwa kuwa zipo herufi zenye silabi na toni ileile. Zaidi ya hapo, kampuni ya eneo linalozungumza Kikantoni huenda imeandika jina lake kwa matamshi ya Kikantoni, na pinyin yako haitafanana nalo hata kidogo.

Kiarabu kina shida ya tatu: irabu fupi haziandikwi, hivyo anayenukuu huzijaza kwa anavyozijua. Hata kibainishi cha mwanzo hutofautiana kwa kanuni. الراجحي kwa ALA-LC ni al-Rājiḥī, kwa BGN/PCGN ni Ar Rājiḩī, na benki yenye jina hilo hujiandika Al Rajhi. Anayepanga orodha kwa alfabeti atakuta jina hilohilo kwenye kurasa mbili zilizo mbalimbali.

Jina la Kilatini la kampuni yenyewe

Hili ndilo watu watakaloandika kwenye kisanduku cha kutafutia, na kwa sababu hiyo ni lazima ulihifadhi. Ubora wake unaishia hapo. Kwa kampuni ya China halina ulinzi wa rejesta ya makampuni, kwa hiyo ukifunga mkataba kwa jina la Kiingereza pekee, hujamtaja mtu ambaye rejesta inamjua. Jina la Kichina na namba viwe kwenye ukurasa wa kwanza wa mkataba, na jina hilo lifanane herufi kwa herufi na lililoko kwenye muhuri rasmi wa kampuni.

Tena jina hubadilika na chapa huhama. Kampuni ya Uholanzi iliyoitwa Yandex N.V. ilibadili jina mwaka 2024 na kuwa Nebius Group N.V., baada ya kuuza biashara yake ya Urusi. Urusi kwenyewe kuna ООО «Яндекс», na pia kuna kampuni ya hisa ya МКПАО «Яндекс» ambayo hisa zake huuzwa soko la Moscow. Anayeshikilia neno "Yandex" peke yake anashikilia angalau watu watatu wa kisheria kwa nyakati tofauti. Aina ya kampuni ambayo watu huikata kama mapambo ndiyo hapa inayotenganisha mmoja na mwingine. Ndiyo maana tumesema ihamishiwe kwenye safu yake, wala isitupwe.

Ukichukua data za LEI, namba ya kimataifa ya kutambulisha kampuni, angalia lebo ya jina la Kilatini kabla hujaliamini. Jina lenye `PREFERRED_ASCII_TRANSLITERATED_LEGAL_NAME` limetolewa na kampuni yenyewe. Lenye `AUTO_ASCII_TRANSLITERATED_LEGAL_NAME` limetengenezwa na programu. Kwa kutafuta, yote mawili yanafaa. Kwa kuandika kwenye mkataba, la pili halifai.

Kipimo cha kufanana: kizuri kutafutia, kibaya kuamulia

Programu nyingi za ulinganishaji huhesabu ni mabadiliko mangapi ya herufi yanahitajika kutoka jina moja hadi jingine. Tufanye hesabu hiyo kwa mkono. Kutoka Khuavey kwenda Huawei: toa K, badili v kuwa w, badili y kuwa i. Mabadiliko 3 kwa jina la herufi 7, yaani ufanano wa asilimia 57. Ungetumia ISO 9 ukaondoa alama, ungepata Huavej, mabadiliko 2 kwa herufi 6, asilimia 67. Nazo 华为 na 华威 zikishapita kwenye pinyin bila toni, ufanano ni asilimia 100.

Tazama hesabu hizo kwa pamoja. Jina lilelile limepewa 57 au 67 kutegemea aliyelinukuu alitumia jedwali gani, na majina mawili tofauti yamepewa 100. Ukiweka kizingiti cha 80, unayemtaka anaanguka na usiyemtaka anapita. Kushusha kizingiti hadi 55 hakuponyi, kwa sababu kunaongeza majina yasiyohusika bila kumwondoa yule wa asilimia 100.

Soundex haisaidii zaidi. Iliundwa kwa majina ya ukoo ya Kimarekani na hushikilia herufi ya kwanza kama ilivyo. Huawei inakuwa H000 na Khuavey inakuwa K100. Herufi ya kwanza ikitofautiana, mengine hayana faida. Kwa unukuzi wa х ya Kirusi, ambayo huwa kh kwa mfumo mmoja na h kwa mwingine, kasoro hiyo itajitokeza kila mara.

Kinachofanya kazi ni kulinganisha ndani ya mfumo mmoja wa herufi. Ukipewa Khuavey na unajua hati imetoka Urusi, irudishe kwanza kwenye Kisirili, upate Хуавэй au lahaja zake chache, kisha utafute kwenye data ya Kirusi. Kwa jina lililoko upande wako, tengeneza tahajia zote nne au tano za mifumo mikuu na uzihifadhi kama majina ya kutafutia. Hapo kipimo kinabaki na kazi ndogo ya kukamata makosa ya vidole, na kizingiti cha juu kinawezekana.

Namba

Namba ya usajili haina tahajia. Huo ni ushindi wake, na kwa swali la "je, huyu ni yule?" hakuna kinachoishinda. China ina msimbo wa herufi na tarakimu 18. Wa 华为技术有限公司 ni 914403001922038216. Tarakimu ya kwanza, 9, ni idara iliyosajili. Ya pili, 1, ni kampuni. 440300 ni Shenzhen. 192203821 ni msimbo wa taasisi. Na 6 ya mwisho ni ya uhakiki. Unaweza kuihakiki hapohapo:

```python
A = "0123456789ABCDEFGHJKLMNPQRTUWXY"
c = "914403001922038216"
s = sum(A.index(x) * pow(3, i, 31) for i, x in enumerate(c[:17]))
print(A[(31 - s % 31) % 31] == c[17])   # True
```

Herufi I, O, S, V na Z hazimo kwenye msimbo huo. Ukiona O, mtu ameiandika badala ya sifuri, au skana imesoma vibaya. OGRN, namba ya usajili ya Urusi, ni rahisi zaidi: tarakimu 13, ambapo 12 za mwanzo ukizigawa kwa 11, baki lake ndilo tarakimu ya mwisho (baki likiwa 10, huandikwa 0). Ya ООО «Яндекс» ni 1027700229193, nayo inakubali. Uhakiki huu hauthibitishi kwamba kampuni ipo. Unathibitisha tu kwamba namba haikuandikwa vibaya, na hilo peke yake huokoa muda mwingi.

Adui mkubwa wa namba hizi ni Excel. Inahifadhi tarakimu 15 tu za maana. Ukibandika msimbo wa juu kwenye seli ya kawaida, utaona 9.14403E+17, na ukipanua utakuta 914403001922038000. Tarakimu tatu zimepotea na hazirudi. Dalili ni namba za China zinazoishia na 000, na uhakiki unaoshindwa kwa safu nzima. Namba zinazoanza na sifuri nazo hupoteza sifuri yake. Fanya seli kuwa maandishi kabla ya kubandika, si baada.

Mipaka yake mingine ni ya kisheria. Tawi la kampuni nchini China hupewa msimbo wake wa tarakimu 18 ingawa si mtu wa kisheria anayejitegemea. Nchini Urusi tawi halipewi OGRN yake. Hutumia namba ya kodi ya kampuni, INN, na kutofautishwa kwa KPP ya tarakimu 9. Kwa hiyo namba mbili za China zinaweza kuwa kampuni moja, na ukitumia INN pamoja na KPP kama ufunguo mmoja utaigawa kampuni moja ya Urusi vipandevipande. LEI, yenye herufi na tarakimu 20, inavuka mipaka ya nchi, na rekodi yake hubeba namba ya rejesta ya nyumbani, ila kampuni huwa nayo ikiwa imeiomba tu.

Kuchagua, kwa hati halisi

Una ankara mbili na rekodi moja ya mfumo wako. Ya kwanza inasema Huawei Technologies Co., Ltd., ya pili Tekhkompaniya Khuavey, na rekodi yako ni 华为投资控股有限公司. Kipimo cha kufanana hakitaziunganisha. Mtu anayejua chapa ataziunganisha zote tatu na atakuwa amekosea. Jina la kwanza ni la 华为技术有限公司. La pili, likirudishwa kwenye Kisirili, ni Техкомпания Хуавэй, kampuni ya Urusi yenye OGRN yake. Rekodi yako ni kampuni mama inayomiliki. Hao ni watu watatu wa kisheria wa kundi moja, na deni la mmoja si deni la mwingine.

Kwa kulipa na kufunga mikataba, basi, ufunguo uwe namba pamoja na nchi ya rejesta, na jina asilia likae kando yake. Kwa kupekua orodha za vikwazo, usianze na namba, kwa kuwa si kila aliyeorodheshwa ana namba iliyoandikwa: tafuta kwa upana kwa tahajia zote, kisha namba itumike kuwaondoa wasiohusika. Kwa kutafuta tu ndani ya mfumo, jina la Kilatini la kampuni na tahajia za mifumo mikuu vinatosha. Unukuzi usiwe ufunguo popote, na kila unapouhifadhi, andika kando jina la mfumo uliotumika, maana Yandeks bila lebo haimwambii anayekuja baadaye kama ni BGN/PCGN au ni mtu alikosea x.

Na mteja akikuletea jina la Kilatini pekee bila namba wala herufi asilia, usimnukulie wewe. Mwombe nakala ya hati ya usajili yenye maandishi yanayonakilika, isiwe picha. Ikiwa ni picha tu, anza kwa kusoma namba, ihakiki kwa hesabu, kisha ichukue namba hiyo kwenye rejesta ya nchi husika na unakili jina asilia kutoka huko.